Tangazo la Kazi Katika Tovuti: Mshahara, Mahali pa Kazi na Siku ya Mwisho

Zamani chama cha msingi kilichohitaji karani wa mizani kilibandika tangazo kwenye ubao wa ghala, na jingine katika ofisi ya kata. Msomaji aliyekuta jambo asilolielewa aliingia ndani akamwuliza katibu. Tangazo linalowekwa katika tovuti halina nafasi hiyo. Kabla halijamfikia mtu husomwa kwanza na mashine, nayo mashine haiulizi. Huchukua ilichoandikiwa na kukisambaza kama kilivyo.

Yafaa makatibu wafahamu kwamba tangazo la namna hiyo lina pande mbili. Upande wa kwanza ni maneno yanayoonekana kwenye ukurasa. Upande wa pili umefichika nyuma ya ukurasa huo: ni fomu fupi yenye vipengele vilivyopewa majina maalumu, kila jambo mahali pake. Majina hayo yamo katika msamiati uitwao schema.org, ulioanzishwa mwaka 2011 na makampuni yenye mitambo ya kutafutia habari mtandaoni ili tovuti zote zitumie maneno yale yale. Mwaka 2017 kampuni ya Google ilianza kuyatumia kuonyesha nafasi za kazi, kwanza Marekani na baadaye katika nchi nyingine. Kijana anapotafuta kazi kwa simu yake, orodha anayoiona hutokana na fomu iliyofichika. Kama fomu ina kosa, yeye huona kosa, hata kama maneno ya ukurasani ni sahihi.

Karani wa Chama Kikuu haandiki fomu hiyo kwa mkono. Hujaza visanduku katika kompyuta, na tovuti yenyewe huitunga. Kwa hiyo makosa mengi huzaliwa kwenye barua ya katibu au kwenye kujaza visanduku, wala si kwenye ufundi wa kompyuta.

Tuchukulie mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa wilayani Mbinga. Bodi imekubali kuajiri karani wa mizani kwa msimu wa miezi minne, mshahara kati ya shilingi 380,000 na 450,000 kwa mwezi kulingana na uzoefu. Kituo cha kazi ni ghala la chama kijijini. Maombi yapokelewe hadi Ijumaa tarehe 22 Mei 2026, saa 10 jioni. Sehemu ya fomu iliyojazwa sawasawa ingekuwa hivi:

```json
{
  "@context": "https://schema.org/",
  "@type": "JobPosting",
  "title": "Karani wa Mizani",
  "datePosted": "2026-05-04",
  "validThrough": "2026-05-22T16:00:00+03:00",
  "employmentType": "TEMPORARY",
  "baseSalary": {
    "@type": "MonetaryAmount",
    "currency": "TZS",
    "value": {
      "@type": "QuantitativeValue",
      "minValue": 380000,
      "maxValue": 450000,
      "unitText": "MONTH"
    }
  }
}
```

Tuanze na mshahara, ambao ndio msomaji huutazama kwanza. Kiwango cha chini huandikwa kwenye minValue na cha juu kwenye maxValue, tarakimu tupu bila mkato wala neno "shilingi". Fedha yenyewe hutajwa kwa herufi tatu zinazokubaliwa kimataifa: TZS kwa shilingi ya Tanzania, KES kwa ile ya Kenya, UGX kwa ile ya Uganda. Kuandika "Tsh" hakutoshi, na kuchagua KES kwa kupitiwa humwahidi mwombaji mshahara ambao chama hakingeweza kuulipa.

Kosa linalopita kimyakimya ni la kipengele cha unitText, kinachosema mshahara ni wa muda gani. Karani akichagua YEAR badala ya MONTH, shilingi 450,000 zinakuwa za mwaka mzima, yaani 37,500 kwa mwezi. Mwenye sifa ataona orodha hiyo, atacheka, na kupita. Chama kitapata waombaji wachache na dhaifu, na Bodi itasema vijana wa siku hizi hawapendi kazi za kijijini, kumbe hakuna aliyeambiwa mshahara wa kweli. Kosa la upande wa pili nalo lina madhara: kama jumla ya miezi minne, shilingi 1,800,000, ikiandikwa kuwa ni ya mwezi mmoja, watu watakuja wengi na kuondoka kwa hasira siku ya usaili.

Kiwango hicho kiwe kile ambacho mwajiri amekikubali. Posho ya usafiri isichanganywe na mshahara wa msingi. Ielezwe katika maneno ya tangazo. Ikiwa Bodi haijaamua mshahara, kipengele kiachwe chote. Kuna wanaoandika 0 au 1 ili kisanduku kisibaki kitupu, na mashine husambaza kwamba kazi inalipwa shilingi moja. Wengine huandika kuanzia 100,000 hadi 2,000,000 kwa nia ya "maelewano". Uwazi mkubwa namna hiyo haumwambii mtu lolote.

Mahali pa kazi ni habari nyingine. Kipengele cha jobLocation hutaka mahali ambapo mfanyakazi atafanya kazi. Barua ya katibu mara nyingi ina anwani moja tu, sanduku la posta lililo mjini, na karani huinakili hiyo. Matokeo yake kazi ya ghala la kijijini huonekana kuwa ni ya Mbinga mjini. Anayeishi kilometa mbili kutoka ghala hilo na kutafuta kazi za karibu naye huenda asiione kabisa, na aliye mjini huomba akidhani hatahama. Yafaa barua itaje kijiji, kata, wilaya na mkoa, kisha sanduku la posta liwekwe kando kama mahali pa kupeleka maombi tu.

Pamoja na hicho kuna jobLocationType, yaani aina ya mahali pa kazi. Kipengele hiki kina thamani moja inayotumika, TELECOMMUTE, nayo maana yake ni kazi inayofanywa yote kutoka nyumbani au popote mfanyakazi alipo. Hapa lugha yetu yenyewe hutega mtego. Tukisema bwana shamba hufanya "kazi ya nje ya ofisi", tunamaanisha kwamba huzunguka mashambani. Karani asiyejua akaona kisanduku cha kazi ya mbali na ofisi hukitia alama. Papo hapo kazi ya kupanda milima kwa pikipiki inatangazwa kuwa ni kazi ya kukaa nyumbani na kompyuta, na watu wa miji ya mbali huiomba. Mhasibu anayekaa ofisini siku tatu na nyumbani siku mbili naye hahusiki; si kazi yote inayofanywa mbali, hivyo alama isiwekwe. Kama kweli Chama Kikuu kinamtaka mtu wa kutunza vitabu kutoka nyumbani kwake, basi alama iwekwe, na kipengele cha applicantLocationRequirements kitaje nchi anayoruhusiwa kuishi, ili asije akaomba mtu ambaye chama hakiwezi kumwajiri kisheria.

Tumebakiza siku ya mwisho, na hapa mwandishi wa Kiswahili ana hatari ambayo wenzake wa ng'ambo hawaijui. Mashine huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi huhesabu tangu mapambazuko. "Saa 10 jioni" ya Bodi ni 16:00 kwenye kompyuta. Karani akiandika 10:00, nafasi hufungwa saa 4 asubuhi, saa sita kabla ya wakati uliokubaliwa. Akiandika 22:00, hubaki wazi saa sita baada ya ofisi kufungwa. Tofauti ya saa sita ndiyo dalili ya kosa hili, na anayekagua atafute hiyo kwanza. Alama ya +03:00 iliyo mwishoni husema kwamba saa hizo ni za Afrika Mashariki. Isipokuwapo, mfumo mwingine unaweza kuhesabu kwa saa ya Griniwichi, na tangazo likafungwa saa tatu baadaye. Tarehe nayo huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Tarehe 05/06/2026 mmoja huisoma tano Juni, mwingine sita Mei.

Tovuti nyingine haziombi saa, bali tarehe peke yake. Hapo haijulikani kama siku hiyo ya mwisho imo au haimo, maana kuna mifumo inayohesabu kwamba muda umekwisha siku hiyo inapoanza. Katibu aandike saa, hata kama ni dakika ya mwisho ya siku. Na kama kazi haina siku ya kufunga, kipengele cha validThrough kisijazwe. Kubuni tarehe ya miaka kumi mbele ni kusema uongo kwa mashine.

Gharama ya kosa la tarehe humwangukia asiye na kosa. Kutoka Songea hadi Mbinga ni kilometa zipatazo 100. Mtu akiona mwezi Juni tangazo ambalo bado linaonekana hai, atalipa nauli, atapiga chapa vyeti vyake, atafika ghalani na kumkuta karani mpya amekwisha kaa kwenye mizani wiki mbili. Chama nacho hakibaki salama. Google hukataza matangazo ya kazi zilizokwisha pamoja na fomu isiyolingana na maneno ya ukurasa, na tovuti yenye makosa hayo yaweza kuondolewa katika orodha ya kazi. Kosa la chama kimoja huweza hivyo kuficha nafasi za vyama vyote vinavyotumia tovuti ile.

Kuna chombo cha bure cha kukagua, kiitwacho Rich Results Test. Hupewa anwani ya ukurasa nacho huonyesha vipengele vilivyosomwa na vinavyokosekana. Lakini hukagua umbo tu. Shilingi 450,000 kwa mwaka hupita bila onyo, na ghala lililohamishiwa mjini hupita vilevile, kwa kuwa yote yameandikwa kwa utaratibu. Ukweli unaweza kukaguliwa na mtu mwenye muhtasari wa Bodi mkononi: mmoja asome muhtasari kwa sauti, mwingine afuate kipengele kwa kipengele kwenye kompyuta. Kazi hiyo haizidi robo saa.

Bodi ikisogeza mbele siku ya mwisho, maneno ya ukurasa na validThrough vibadilishwe pamoja. Karani akipatikana mapema, Chama Kikuu kiarifiwe siku hiyo hiyo. Kina njia tatu: kuirudisha validThrough kwenye tarehe iliyopita, kuiondoa fomu iliyofichika na kuacha maneno ya ukurasa yanayosema nafasi imejazwa, au kuufuta ukurasa wote ili mashine ikirudi ipokee jibu la 404 au 410. Mashine hairudi papo hapo, na tovuti zilizonakili tangazo huweza kubaki nalo kwa muda zaidi. Hivyo katibu atazame orodha tena baada ya siku chache, na akilikuta bado linaonekana kwenye tovuti nyingine, awaandikie wenye tovuti hiyo.