Sabtaito Zikikosekana: Barua Pepe Itakayomfikisha Fundi Kwenye Kasoro

Katika Black Panther, filamu ya mwaka 2018, wahusika huzungumza Kiingereza kwa sehemu kubwa. Lakini mara kwa mara huingiza Kixhosa, na kule sokoni Busan, Lupita Nyong'o anaongea Kikorea na mama mmoja. Tafsiri ya maneno hayo hujitokeza yenyewe chini ya skrini, hata kwa mtazamaji aliyezima sabtaito.

Tuseme sasa unaitazama mtandaoni na tafsiri hiyo haitokei. Wengi hudhani mwongozaji alitaka iwe hivyo, wakaendelea kutazama. Wanaolalamika huandika mstari mmoja: "Sabtaito hazionekani, rekebisheni." Mhudumu anaifungua filamu, anawasha sabtaito za Kiingereza, anaziona zikipita vizuri, kisha anakujibu uzime kifaa na kukiwasha upya. Hajakupuuza. Ameangalia faili jingine.

Kwa kawaida filamu ya mtandaoni huwa na picha, sauti na maandishi katika mafaili tofauti, ili picha moja itumike nchi nyingi. Faili la sabtaito ni maandishi matupu: muda wa sentensi kuanza, muda wa kuondoka, na sentensi yenyewe. Kwa mfano:

```
WEBVTT

00:10:12.000 --> 00:10:14.500
Nani amekutuma hapa?
```

Lugha moja inaweza kuwa na mafaili mawili. La kwanza lina mazungumzo yote, na ndilo unaloliwasha kwenye menyu. La pili lina sentensi chache tu za lugha ya kigeni. Mafundi huziita sabtaito za lazima, na mara nyingi hazionekani kwenye menyu kabisa. Faili hili la pili likisahaulika, picha na sauti hubaki safi, hivyo ni rahisi kasoro kupita bila kugunduliwa mpaka mtazamaji aseme.

Kabla ya kuandika, rudi kwenye tukio hilo na uwashe sabtaito kamili. Tafsiri ya Kikorea ikitokea, basi tafsiri ipo na kinachokosekana ni lile faili la pili. Ukiona tu maelezo kwamba mhusika anaongea Kikorea, hata faili kamili halina tafsiri, na hiyo ni kazi nyingine kwa fundi. Kisha fungua filamu hiyohiyo kwenye simu. Kasoro ikiwa kwenye runinga peke yake, shuku programu ya runinga. Ikiwa kote, shuku faili la filamu.

Ukishajua hayo, barua pepe inaweza kuwa fupi namna hii:

"Habari. Naripoti kukosekana kwa sabtaito za lazima katika Black Panther (2018). Sauti ni Kiingereza, sabtaito nimezima. Kwenye tukio la soko la Busan, karibu dakika ya 50, maneno ya Kikorea hayana tafsiri. Nikiwasha sabtaito kamili za Kiingereza, tafsiri inaonekana. Hali ni hiyohiyo kwenye runinga na kwenye simu, nami niko Tanzania. Filamu nyingine hazina shida. Nimeambatisha picha za tukio hilo, sabtaito zikiwa zimezimwa na zikiwa zimewashwa. Naomba faili la sabtaito za lazima kwa sauti ya Kiingereza likaguliwe na kurejeshwa, na mnipe namba ya ripoti hii. Ahsante."

Nchi imetajwa kwa sababu mafaili hutofautiana kufuatana na eneo. Mhudumu aliye kwingine anaweza kuona filamu iliyokamilika. Dakika nayo ina uzito wake, maana hakuna atakayekaa saa mbili kutafuta sentensi tatu. Kama programu inakataza kupiga picha ya skrini, piga kwa simu nyingine.

Lugha usiyoiona kwenye menyu ni suala tofauti. Baadhi ya huduma huonyesha lugha chache tu kufuatana na lugha uliyochagua katika akaunti, kwa hiyo badilisha mpangilio huo kwanza. Isipotokea, huenda huduma haikupewa tafsiri hiyo na mwenye filamu, na barua yako iombe iongezwe. Kwa mtazamaji kiziwi nasisitiza jambo moja: aeleze wazi kwamba anahitaji sabtaito zinazoandika pia milio, kama mlango kugongwa au risasi kulia, na kwamba bila hizo hawezi kuifuata filamu. Asipotaja hilo anaweza kuletewa tafsiri ya mazungumzo peke yake.

Jibu la "tumerekebisha" likifika, usiangalie nakala uliyopakua zamani, kwani inaweza kuwa bado imebeba mafaili ya awali. Ifute, funga programu, pakua upya, kisha nenda moja kwa moja kwenye dakika uliyoitaja, sabtaito zikiwa zimezimwa. Tafsiri isipotokea, jibu katika barua ileile ukitumia namba ya ripoti, ili anayeipokea aone majaribio yako yote bila kuanza upya.