Klempu Ilipotua Nje ya Utepe

“Klempu imeanguka kutoka juu, hakuna aliyeumia.” Taarifa nyingi za saiti huishia hapo. Ni kweli tupu, lakini haimsaidii atakayepita chini ya jukwaa hilo kesho.

Tuchukue mfano. Fundi anafungua jukwaa la chuma, mita 18 kutoka ardhini. Klempu ya kilo moja hivi inamponyoka, inagonga bomba la chini yake, inakwenda upande na kutua mita 4 kutoka ukutani. Utepe wa kuzuia watu ulifungwa mita 3 kutoka ukutani. Saidia fundi alikuwa nje ya utepe huo, anachota mchanga.

Msimamizi akiandika tu kwamba eneo lilizuiwa, hajadanganya, ila jambo kubwa limepotea: utepe ulikuwepo na chuma kikauvuka. Kwa hiyo kabla klempu haijaokotwa ipigwe picha, kisha upimwe umbali kutoka ukutani hadi alama ya kwanza ardhini, maana chuma hudunda na kubingirika. Aandike pia utepe ulifungwa wapi, nani aliulinda, na kama ulikuwa umeshushwa ili toroli zipite. Hilo la toroli hutokea sana, na ni nadra kuliona kwenye karatasi.

Vifaa vya kujikinga navyo haviishii kwenye neno “walivaa”. Kiwango cha Ulaya cha helmeti za viwandani, EN 397, huijaribu helmeti kwa kuidondoshea uzito wa kilo 5 kutoka mita 1. Nguvu ya pigo hilo ni sawa na ya klempu yetu ikianguka mita 5 tu. Kutoka mita 18, bila kugonga kitu njiani, ingefika chini kwa sekunde zisizotimia mbili, na pigo lake lingezidi la jaribio mara tatu na nusu. Helmeti ya saidia fundi isichukuliwe kuwa ndiyo iliyokuwa imwokoe. Kilichohitajika ni asiwepo pale.

Ndiyo maana wa juu na wa chini waandikwe kila mmoja peke yake. Wa chini: helmeti ilikuwa kichwani, na mkanda wa kidevuni ulifungwa? Wa juu: alivaa mkanda wa kuzuia kuanguka, sawa, lakini huo humshika yeye. Spana yake ilifungwa kamba? Klempu alizofungua alizitia kwenye ndoo au mfuko, au alizipanga kwenye ubao usio na kingo?

Jina la fundi litaandikwa, lakini likiwa ndilo jibu pekee, mwenzake atakayeponyokwa na klempu ataiokota haraka na kunyamaza. Kwenye mfano wetu, kazi ya kufungua jukwaa isimame mpaka utepe usogezwe mbali zaidi ya mita 4, lundo la mchanga lihamishwe, na ubao uwekewe kingo.