Herufi Moja Kubwa na Programu Nzima Ikagoma

Programu imeandikwa kwenye laptopu ya Windows, imejaribiwa na inafanya kazi vizuri. Kazi yake ni kusoma joto la chumba na kuliandika kila baada ya dakika kadhaa. Siku ya kuihamishia kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoendeshwa na Linux na kupendwa na wanafunzi wa elektroniki, mafaili yote yananakiliwa bila kubadilishwa hata nukta. Amri ya kuijenga inatolewa, na kabla mtu hajavuta pumzi jibu linarudi:

```
main.cpp:2:10: fatal error: Sensor.h: No such file or directory
    2 | #include "Sensor.h"
      |          ^~~~~~~~~~
compilation terminated.
```

Ujumbe unasema faili halipo. Mwenye programu anafungua folda na kuliona faili lile lile, limetulia mahali pake. Hapo ndipo wengi wanapoanza kuhangaika: wananakili mradi upya wakidhani kuna kitu kilidondoka njiani, wanaifuta kompaila na kuiweka tena, au wanabadilisha ruhusa za mafaili. Yote hayo ni kupoteza muda, maana Linux imesema kweli tupu. Faili lililomo kwenye folda linaitwa `sensor.h`, kwa s ndogo. Lililoombwa ni `Sensor.h`. Kwa Linux hayo ni majina mawili tofauti kabisa.

Katika lugha za C na C++, programu huwa imegawanywa kwenye mafaili mengi. Baadhi yake ni heda, yaani mafaili yanayotangaza kuna kazi gani na zinaitwaje, na mengi huishia na `.h`. Mstari wa `#include` unaiambia kompaila: kachukue heda hii, uisome hapa hapa kana kwamba imeandikwa ndani ya faili hili. Kompaila yenyewe haiendi kutafuta kwenye diski. Inaunganisha jina la folda na jina lililoandikwa kwenye mstari, kisha inauomba mfumo endeshi uifungulie faili hilo. Kwa hiyo kompaila ile ile, toleo lile lile, inaweza kupata faili kwenye Windows na kulikosa kwenye Linux. Aliyebadilika ni anayejibu ombi.

Tofauti hiyo ina historia. Katika MS-DOS jina la faili lilikuwa na herufi zisizozidi 8, nukta, na nyingine zisizozidi 3, na zote zilihifadhiwa kwa herufi kubwa. Aliyeandika `readme.txt` alikuta `README.TXT`. Windows 95 ilipoleta majina marefu, ilianza kuhifadhi herufi kama mtu alivyoziandika, lakini katika kutafuta iliendelea kutojali ukubwa wake, na desturi hiyo ipo hadi leo. Mac inafanya vivyo hivyo: APFS, mfumo wa mafaili ulioingia kwenye kompyuta hizo mwaka 2017, ukiachwa ulivyo unakumbuka kwamba faili liliitwa `Sensor.h`, lakini ukiuomba `sensor.h` unalitoa bila swali.

Linux ilirithi njia ya Unix, mfumo ulioanzishwa Bell Labs mwaka 1969. Huko jina la faili ni mfululizo wa namba tu. S kubwa ni 83 na s ndogo ni 115. 83 si 115, basi majina hayalingani. Uamuzi huu unaonekana mkali, lakini una sababu nzuri. Mfumo unaotaka kuzichukulia herufi kubwa na ndogo kuwa kitu kimoja lazima kwanza ujue lugha ya mwandishi. Kwa Mturuki, herufi kubwa ya i si I bali ni İ, yenye nukta juu. Mfumo unaolinganisha namba peke yake hauhitaji kuingia kwenye mabishano hayo.

Wanaoishi ndani ya Linux wanaitumia tofauti hii makusudi. Kwa miaka mingi msimbo wa kiini cha Linux umekuwa na mafaili mawili kwenye folda moja, `xt_DSCP.h` na `xt_dscp.h`, katika sehemu inayochuja mawasiliano ya mtandao. La herufi kubwa ni la kubadilisha alama ya paketi, la herufi ndogo ni la kuikagua. Ukiunakili msimbo huo kwenye Windows au Mac kwa Git, moja kati ya mafaili hayo litakosa mahali pa kukaa, na matoleo ya Git ya miaka ya karibuni hutoa onyo kwamba majina yamegongana.

Upande wa pili kuna heda maarufu kuliko zote za Windows. Microsoft huisambaza kwa jina la `Windows.h`, na waandishi wengi huiandika hivyo kwenye programu zao. Lakini MinGW-w64, mkusanyo wa zana unaotumika kutengeneza programu za Windows ukiwa kwenye Linux, umeipa jina la `windows.h`. Programu yenye mstari wa `#include <Windows.h>` inajengwa bila shida kwenye Windows, kisha inagoma kwenye seva ya Linux iliyopewa kazi ya kuijenga. Dawa yake ni kuandika `<windows.h>` kwa herufi ndogo, kwa kuwa Windows haitajali na Linux itaridhika.

Kwenye programu ya joto, uchunguzi unaanza kwa amri ya kutafuta jina bila kujali ukubwa wa herufi:

```
find . -iname 'sensor.h'
```

Jibu likiwa `./src/sensor.h`, mchawi ameshapatikana. Usalama zaidi ni kusahihisha mstari wa `#include` na kuliacha jina la faili, kwa sababu huenda mafaili mengine yanalitumia jina hilo kwa usahihi. Baada ya hapo uvumilivu unahitajika. Kosa la aina hii huikatisha kompaila palepale, hivyo ukirekebisha heda ya kwanza ndipo unapoonyeshwa ya pili. Kwenye mradi mkubwa ni afadhali kutumia `make -k`, ambayo inaendelea na mafaili mengine hata moja likishindwa, ili makosa mengi yaonekane kwa mkupuo mmoja.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye kubadilisha jina la faili. Tuseme mtu anayetumia Mac anaamua kuwa heda zote ziwe na herufi ndogo. Anabadilisha `Motor.h` kuwa `motor.h` kwa kipanya, anasahihisha mistari yote ya `#include`, anajenga, programu inakubali. Anaituma kazi kwa Git. Mwenzake wa Linux akiichukua, inagoma: `motor.h` haipo. Wawili hao wanaweza kubishana siku nzima, kila mmoja akiapa kwamba anachokiona ndicho kilichopo, na wote wanasema kweli. Mradi ukianzishwa au kunakiliwa kwenye kompyuta isiyojali herufi, Git hujiwekea mpangilio wa `core.ignorecase`, hivyo badiliko la herufi peke yake hailihesabu kuwa badiliko. Kumbukumbu yake bado inasema `Motor.h`, na hilo ndilo jina linalomfikia mwenzake.

Anayetaka kujua ukweli asiangalie folda, aiulize Git yenyewe kwa `git ls-files`, kisha abadilishe jina kupitia Git:

```
git mv Motor.h motor.h
```

Wapo wanaoshauri kuuzima mpangilio wa `core.ignorecase` kwa nguvu. Ushauri huo haufai. Kwenye diski isiyojali herufi, matokeo yake yanaweza kuwa majina yote mawili kuingia kwenye kumbukumbu ya mradi, na hapo tatizo moja limezaa la pili.

Kosa linalopiga kelele bado ni rahisi. La kuogopwa ni lile lililonyamaza. Tangu C++17 programu inaruhusiwa kuuliza kama heda ipo kabla ya kuisoma:

```
#if __has_include("Config.h")
#include "Config.h"
#endif
```

Ikiwa faili linaitwa `config.h`, Windows itajibu kwamba lipo na mipangilio itasomwa. Linux itajibu kwamba halipo, na kompaila itaendelea na safari bila neno. Programu ya joto inajengwa, inawaka, na inatumia mipangilio ya akiba badala ya ile aliyoiandika mwenyewe. Anaona vipimo vinaingia kwa vipindi asivyovichagua na anaanza kuitilia shaka sensa yake, wakati sensa ni nzima. Kila mwenye mistari ya namna hii kwenye mradi wake anapaswa kuipitia kwa macho, kwa kuwa hakuna ujumbe utakaomwamsha.

Wa Mac wana bahati kidogo. Kompaila yao ya kawaida ni Clang, na Clang hutoa onyo herufi za mstari wa `#include` zisipolingana na jina lililo kwenye diski. Onyo hilo linaitwa `-Wnonportable-include-path`, nalo linafanya kazi bila kuombwa. Shida ni kwamba programu inajengwa hata hivyo, na onyo linapotea katikati ya mengine. Ukiongeza `-Werror=nonportable-include-path` kwenye amri ya kujenga, onyo linageuka kuwa kosa, na hakuna atakayelipita.

Kwenye Windows njia nyepesi ni kujenga programu ndani ya WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows yenyewe. Lakini hapa kuna jambo linalowaponyoka hata wazoefu. Mradi ukiachwa kwenye `/mnt/c`, mafaili bado yako kwenye diski ya Windows, na folda zilizoundwa na Windows zinaendelea kutojali herufi hata zikisomwa kutoka Linux. Programu itajengwa, mwenyewe atafurahi, na siku ya seva itagoma vile vile. Jaribio halisi ni kuuchukua mradi kwa Git na kuuweka kwenye folda ya nyumbani ya WSL, iliyo kwenye diski ya Linux, kisha kuujenga kutoka hapo.

Kwa msomaji ambaye mradi wake bado uko kwenye Windows au Mac na unatarajiwa kuishia kwenye Linux: fanya jaribio hilo wiki hii, wakati heda bado zinahesabika. Kubalianeni na wenzako kwamba majina yote ya mafaili yatakuwa ya herufi ndogo, muanze na heda mnazoziandika leo, na kila jina la zamani mnalolibadilisha lipitie `git mv`.