Mapigo 130 kwa Dakika: Jinsi Muziki wa Gemu Unavyoingia Vitani Bila Kukatika

Kasoro hii ameisikia kila aliyecheza gemu za zamani. Unatembea msituni, zumari linapiga polepole, adui anachomoza nyuma ya mti na papo hapo muziki unakatwa katikati ya sauti, wa vita unaanza. Adui akianguka unakatwa tena, na ule wa msituni unarudi kuanzia mwanzo kabisa. Wachezaji wengi huishia kuuzima muziki wote.

Mtunzi wa muziki wa filamu hana tatizo hili, kwa sababu anajua bastola italia sekunde ya ngapi. Wa gemu hajui. Mchezaji mmoja atafika kwa majambazi baada ya dakika mbili, mwingine atakaa nusu saa akichuma maua, na muziki unapaswa kumfaa kila mmoja.

Mwaka 1991 Michael Land na Peter McConnell wa kampuni ya LucasArts walitoa jibu la mapema, mfumo ulioitwa iMUSE, katika gemu ya Monkey Island 2. Muziki wa kompyuta wakati huo haukuwa rekodi. Ulikuwa orodha ya maagizo: piga sauti hii, kwa ala hii, kwa muda huu. Kwa hiyo programu iliweza kubadilisha ala au kurukia sehemu nyingine ya wimbo katikati ya safari, mahali ambapo mtunzi ameruhusu. Baadaye gemu zilipohamia kwenye rekodi halisi za studio, wepesi huo ulipotea. Gitaa likisharekodiwa pamoja na ngoma, huwezi kumwomba mpiga ngoma anyamaze.

Mfano ninaoupenda wa namna wepesi huo ulivyorudishwa ni Red Dead Redemption, gemu ya mwaka 2010 inayosimulia habari za John Marston, mpanda farasi wa mpakani mwa Marekani na Meksiko mwaka 1911. Watunzi wake, Bill Elm na Woody Jackson, walijifunga kwa sheria mbili kabla ya kurekodi: karibu muziki wote uwe na mwendo wa mapigo 130 kwa dakika, na uwe katika ki ya A maina. Kisha kila ala ilihifadhiwa katika tabaka lake. Besi peke yake, gitaa peke yake, ngoma peke yake, tarumbeta na hamonika vivyo hivyo.

Sheria hizo zinafanya kazi kubwa. Kwa kuwa mwendo ni mmoja, ngoma za kipande fulani zinaweza kukaa juu ya gitaa la kipande kingine na mapigo yakalingana. Kwa kuwa ki ni moja, sauti zao hazigombani. Na usidhani kwamba mapigo 130 lazima yawe ya haraka. Mpiga gitaa akigusa uzi mara moja tu kila baada ya mapigo manne, msikilizaji anahisi jangwa lililolala, ingawa saa iliyo chini yake inakimbia vilevile kama wakati wa vita. Ngoma zikija kuyajaza mapigo yote manne, msikilizaji anahisi mbio, na saa haijaguswa.

Tufuate tukio moja, kwa tarakimu nitakazozichagua mwenyewe ili hesabu ionekane. Marston anatembea kwa miguu na kinachosikika ni gitaa tu. Besi na ngoma nazo zinacheza, zimeanza pamoja na gitaa tangu mwanzo, ila sauti yake imeshushwa hadi sifuri. Anapanda farasi, programu inaipandisha besi taratibu. Hapo hakuna wimbo mpya ulioanza. Kilichokuwa kimya kimesikika.

Sasa risasi inalia. Kwa mapigo 130, pigo moja lina kama sekunde 0.46, na fungu la mapigo manne linakaribia sekunde 1.85. Tuseme risasi imelia pigo la pili likiwa limeanza tu. Ngoma zikifunguliwa pale pale zitaingia mguu mbaya, hata kama zinalingana na gitaa, kwa sababu sikio linatarajia jambo zito litokee mwanzoni mwa fungu. Aliyewahi kusimama mbele ya bendi ya dansi analijua hili: mpiga solo anayetaka chemko hutoa ishara, wenzake wanamaliza mzunguko, halafu wote wanaingia pamoja. Programu nayo inasubiri, hapa kama sekunde 1.4, ndipo inafungua ngoma. Pengo hilo likionekana refu, mtunzi huweka mlio mfupi, labda mkwaruzo wa fidla, unaopigwa mara tu risasi inapolia. Mchezaji anahisi amejibiwa papo hapo, kumbe mabadiliko yenyewe bado yako njiani.

Kupanda vitani, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu rahisi. Kushuka ndiko kunakowaumbua wengi. Tuseme programu imeambiwa: adui akiwa ndani ya mita 20, vita, akitoka, amani. Mchezaji akizungukazunguka kwenye mita 19 na 21, ngoma zitaingia na kutoka kama taa yenye waya mbovu. Dawa yake ni kutenganisha mipaka: vita vianze kwenye mita 20, lakini visiishe mpaka adui avuke mita 30, na hata hapo zipite sekunde kumi bila risasi. Kisha tabaka zisiondoke kwa pamoja. Ngoma zitoke kwanza, mwishoni mwa fungu, zikiachiwa mwangwi wake ufe wenyewe, tarumbeta zifuate, besi ibaki kidogo.

Mahali ambapo kipande kimoja lazima kikipishe kingine kabisa, kuna mtego mwingine. Ukishusha cha kwanza na kupandisha cha pili kwa mstari ulionyooka, katikati ya safari kila kimoja kina nusu ya kimo chake, na nguvu ya jumla inaporomoka kwa desibeli 3 hivi. Sikio linasikia shimo. Ndiyo maana mafundi wanaotumia programu kama Wwise na FMOD huchagua mkunjo unaobakisha vyote viwili juu zaidi pale katikati.

Ukitaka kuipima gemu yako, vaa spika za masikioni, gonga mguu kwa mdundo na umchokoze adui, kisha mkimbie. Mguu ukilazimika kusimama na kuanza upya, muziki umekatwa, hata kama sauti ilishushwa kwa ulaini kiasi gani.

Mfumo huu una gharama. Muziki wa ki moja kwa saa nyingi hauwezi kusafiri mbali. Mtunzi hawezi kupandisha ki pale moyo unapotaka, kwa kuwa tabaka nyingine hazitamfuata. Halafu ngoma zinafichua siri: ukisikia zinaingia na hujamwona mtu, umeshajua kuna anayekuvizia, na ukisikia zinatoka huna haja ya kuhesabu maiti.

Tena maneno ya wimbo hayakubali kukatwakatwa hivi. Marston anapoingia Meksiko kwa mara ya kwanza na kupanda farasi, watengenezaji waliuweka kando utaratibu wao wa tabaka, wakamwachia José González aimbe wimbo aliourekodi kwa ajili ya gemu hiyo, Far Away, huku mchezaji akiendesha farasi bondeni.