Alama Mbili za Neoni

Mwishoni mwa mwaka 1912, katika maabara ya Cavendish mjini Cambridge, Uingereza, Joseph John Thomson na msaidizi wake Francis Aston walirusha atomi za gesi ya neoni, zikiwa na chaji ya umeme, kuelekea bamba la picha. Neoni ni elementi moja, na wanakemia walikwisha kupima uzito wa atomi yake wakapata takriban 20.2. Kama atomi zote zingekuwa sawa, bamba lingeonesha mstari mmoja mahali pa 20.2. Liliposafishwa lilionesha mistari miwili: mmoja wa wazi kwenye 20, mwingine hafifu kwenye 22. Kwenye 20.2 hapakuwa na kitu.

Je, neoni ina atomi za aina mbili zenye uzito tofauti, au ni gesi nyingine iliyojipenyeza ndani ya chombo? Ili kulijibu swali hilo ni lazima kwanza kujua sumaku inatengaje atomi nyepesi na nzito, na ni wapi inaweza kudanganya.

Atomi ikinyang'anywa elektroni moja hubaki na chaji chanya, nayo huitwa ioni. Ioni inayokimbia ikiingia kati ya ncha mbili za sumaku husukumwa upande, na njia yake hupinda. Kiasi cha kupinda hutegemea mambo matatu: tungamo la ioni, yaani wingi wa maada iliyomo ndani yake, kisha chaji yake, na kasi yake. Mtafiti anataka kujua tungamo. Chaji kwa kawaida ni ya elektroni moja iliyopotea. Kinachovuruga hesabu ni kasi.

Katika mirija ya gesi aliyotumia Thomson, ioni zilizaliwa mahali tofauti tofauti. Iliyozaliwa mbali ilivutwa na volti nyingi ikatoka mbio, na iliyozaliwa karibu na mlango ilitoka polepole. Ioni nyepesi iliyo mbio inaweza kupinda sawasawa na ioni nzito iliyo taratibu, na bamba la picha haliwezi kuzitofautisha. Thomson aliongeza nguvu ya umeme pamoja na ile ya sumaku, hivyo kila aina ya ioni ikatawanyika kwenye mpinde wake, zenye mbio zikiangukia karibu na katikati na zilizo taratibu mbali zaidi. Njia hiyo ilifanya kazi, lakini ioni zilitawanyika kwenye mstari mrefu na picha ikawa dhaifu.

Kuna njia nyingine, nayo ni kuzuia kila ioni isiyo na kasi inayotakiwa.

Mlango wa kasi moja

Mjerumani Wilhelm Wien alikwisha kuonesha mwaka 1898 kwamba umeme na sumaku vinaweza kupangwa vipingane juu ya chembe zenye chaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Mmarekani Kenneth Bainbridge, akifanya kazi Swarthmore katika jimbo la Pennsylvania, aliuweka mpango huo mbele ya spektromita yake ya tungamo ili uwe kichujio cha kasi.

Kichujio chenyewe ni sahili. Mabamba mawili ya metali husimama sambamba, na ioni hupita katikati. Chukua mabamba yaliyoachana milimita 5, yenye tofauti ya volti 500. Nguvu ya uga wa umeme kati yake, inayoandikwa E, ni volti 100,000 kwa mita. Uga huo huisukuma ioni kuelekea bamba moja. Papo hapo sumaku yenye nguvu ya tesla 0.5, inayoandikwa B, imewekwa ili iisukume ioni kuelekea bamba la pili. Tesla 0.5 ni takriban mara elfu kumi ya usumaku wa dunia unaoelekeza sindano ya dira.

Msukumo wa umeme ni ule ule iwe ioni inakimbia au inatambaa. Msukumo wa sumaku huongezeka kadiri kasi inavyoongezeka. Kwa hiyo ipo kasi moja tu ambayo misukumo hiyo miwili inalingana na kufutana, nayo hupatikana kwa kugawanya E kwa B:

v = E / B

Kwa mfano wetu, 100,000 gawanya kwa 0.5 ni mita 200,000 kwa sekunde. Ioni yenye kasi hiyo hupita moja kwa moja na kutokea kwenye upenyo mwembamba wa upande wa pili. Ioni ya neoni yenye kasi ya mita 190,000 kwa sekunde huzidiwa na umeme. Katika njia ya sentimita 10 itakuwa imekengeuka kama milimita 3, na kama upenyo wa kutokea una upana wa nusu milimita, itagonga ukuta. Inayozidi kasi inayotakiwa nayo hukengeuka, ila kwa upande wa pili.

Katika kanuni hiyo tungamo halimo, wala chaji haimo. Chaji huongeza misukumo yote miwili kwa kiwango kimoja, kwa hiyo hukatana. Kichujio huuliza kasi peke yake, na ndiyo sababu ioni nyepesi na nzito hutoka mlango mmoja zikiwa na mwendo ule ule.

Duara kubwa, duara dogo

Baada ya mlango, umeme haupo tena. Kinachobaki ni sumaku peke yake, na tuseme nayo ina tesla 0.5. Msukumo wa sumaku daima huja kutoka ubavuni mwa mwendo, kwa hiyo hauongezi kasi wala kuipunguza. Hugeuza mwelekeo tu, kila nukta ya njia, hadi ioni ikaandika nusu duara na kuangukia bamba la picha. Nusu kipenyo cha duara hilo ni

r = mv / (qB)

ambapo m ni tungamo, q ni chaji. Kwa kuwa v, q na B ni zile zile kwa ioni zote, r hufuata tungamo tu. Lori lililojaa shehena na pikipiki vikiingia kona kwa mwendo mmoja, lori ndilo linalohitaji nguvu kubwa zaidi kugeuzwa. Msukumo ukiwa sawa kwa vyote viwili, lori litazunguka kwa upana zaidi.

Tuiweke neoni ndani ya hesabu. Ioni ya neoni 20 ina tungamo la takriban 3.32 × 10⁻²⁶ kilogramu, na chaji ya elektroni moja ni 1.602 × 10⁻¹⁹ kulombi. Nusu kipenyo kinakuwa sentimita 8.29. Neoni 22, iliyo nzito kwa asilimia 10, inapata sentimita 9.12. Ioni huangukia bambani baada ya nusu duara, yaani umbali wa kipenyo kizima kutoka mlangoni: sentimita 16.6 kwa ya kwanza na 18.2 kwa ya pili. Alama mbili zimeachana zaidi ya sentimita moja na nusu, umbali unaoonekana kwa macho. Katikati yake kuna nafasi ya neoni 21, ambayo ipo kweli lakini ni chache mno: chini ya atomi 3 katika kila 1,000. Neoni 20 ni takriban asilimia 90.5, na neoni 22 asilimia 9.2. Ukichanganya zote kwa uwiano huo unapata 20.18, ile namba ya wanakemia. Hakuna atomi hata moja yenye uzito huo.

Kichujio kina sharti moja linalosahaulika. Ioni zote zikivutwa na volti moja, hupata nishati moja na wala si kasi moja. Volti 4,150 hivi zitaifikisha neoni 20 kwenye mita 200,000 kwa sekunde, lakini neoni 22 itafika takriban 191,000 tu na kufungiwa mlango. Kwa hiyo chanzo cha ioni lazima kitoe kasi za kila namna, kama ilivyofanya mirija ya zamani, ili kila aina iwe na wawakilishi wenye kasi inayotakiwa. Mchafuko uliomsumbua Thomson ndio unaokilisha kichujio.

Mitambo yenyewe nayo hukosea. Volti za mabamba zikipanda kwa asilimia 1, kasi inayoruhusiwa hupanda vivyo hivyo, na alama zote husogea mbali kwa asilimia 1. Mpimaji hulijua kosa hilo kwa kuwa uwiano wa umbali wa alama mbili unabaki 22 kwa 20. Hewa ikibaki ndani ya chombo, ioni hugongana na molekuli zake kabla ya kumaliza safari ya sentimita 26, na alama huota mkia wa ukungu.

Kosa ambalo sumaku hailioni

Lipo tatizo ambalo volti haziwezi kuliponya. Kanuni ya r inagawanya m kwa q, hivyo bamba linasoma uwiano wa tungamo na chaji, si tungamo lenyewe. Molekuli ya kaboni dayoksaidi ina uzito wa 44. Ikipoteza elektroni mbili badala ya moja, 44 inagawanywa kwa 2, na ioni inaangukia kwenye 22. Katika chombo chetu ingeachana na neoni 22 kwa takriban mia tatu za milimita moja, yaani 0.03, huku alama yenyewe ikiwa na upana wa milimita kadhaa.

Thomson alilishuku hilo. Aliipitisha gesi yake polepole kwenye mrija uliozamishwa ndani ya hewa iliyofanywa kimiminika. Kwa baridi hiyo kaboni dayoksaidi huganda, ilhali neoni hubaki gesi. Mstari wa 44 ulitoweka, na ule wa 22 ukabaki pale pale. Aston baadaye alirudi kwenye suala hilo, na mwaka 1919 chombo chake kipya kikathibitisha kwamba neoni ina atomi za aina mbili, zinazoitwa isotopu. Mwaka 1922 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Neoni 20 nayo ina mgeni wake: agoni yenye uzito wa 40 iliyopoteza elektroni mbili. Mitambo ya leo huzalisha ioni kwa kuipiga gesi kwa elektroni, na nguvu ya elektroni hizo hupangwa. Kuing'oa elektroni ya kwanza ya neoni kunahitaji elektroni-volti 21.6, lakini kuing'oa agoni elektroni mbili kunahitaji 43.4. Mpimaji akizishusha elektroni hadi 40, agoni ya chaji mbili haizaliwi kabisa, na alama inayobaki kwenye 20 haiwezi kuwa yake.