Nati ya Choo Inayofunguka Kinyume

Shangazi yangu anakaa Kigamboni, kwenye nyumba inayotumia maji ya kisima yenye chumvi. Mkono wa kuflashi wa choo chake ulikatika, na kijana wa jirani akajitolea kuubadilisha. Alitoa mfuniko wa tanki, akaiona nati inayoushika mkono kwa ndani, akaibana kwa spana na kuizungusha upande ambao sote tumezoea kufungulia. Nati haikutikisika. Akaongeza nguvu, akaegemeza na bega, na hapo ukasikika mlio mkavu. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umetoka kwenye tundu la mkono, ukapanda hadi ukingo wa juu wa tanki. Muda wote ule alikuwa akiikaza.

Nati nyingi za mikono ya kuflashi, hasa kwenye matanki ya kauri ambayo mkono wake uko upande wa mbele, zina nyuzi za kushoto. Nati ya kawaida ukiitazama usoni hulegea ikizungushwa kinyume cha mshale wa saa. Hii hulegea kwa kufuata mshale wa saa. Si nati pekee ya namna hiyo nyumbani. Pedali ya kushoto ya baiskeli hufunguka hivyohivyo, na kile kifuniko kinachoshika panga za feni ya mezani pia. Aliyewahi kuosha panga za feni ameshakutana na jambo hili, ila huenda hakulihusisha na choo.

Sababu iko kwenye namna mkono unavyofanya kazi. Kila unapoubonyeza, mhimili wake huzunguka kidogo ndani ya shina lenye nyuzi, na msuguano hulivuta shina lizunguke nao. Nati yenyewe imebanwa kwenye ukuta wa tanki, haifuati. Kwa mkono ulio kushoto mwa tanki, ambao ndio wa kawaida, mvuto huo ungekuwa unailegeza nati ya nyuzi za kulia kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, mpaka mkono uanze kucheza. Nyuzi zikikatwa kinyume, mvuto uleule huelekea kuikaza. Shina huwa pia na sehemu ya mraba inayokaa kwenye tundu la mraba la tanki ili lisizunguke, lakini pembe za plastiki huliwa na miaka.

Sasa kuna jambo linalowachanganya hata wanaojua kwamba nyuzi ni za kushoto. Wewe umesimama mbele ya choo, lakini uso wa nati unatazama nyuma, ukutani. Huioni nati kwa mbele. Unaichungulia kwa juu, ukiwa upande wa mgongo wake. Kwa hiyo "kufuata mshale wa saa" ni kwa mtu ambaye angekuwa amesimama ndani ya tanki akiutazama ukuta wa mbele. Kwako wewe uliyesimama nje, mwendo huo unageuka. Mimi nimeona njia salama ni kusahau saa kabisa na kukumbuka mkono: ishike nati kwa spana, mpini wa spana ukiwa umesimama kuelekea juu, kisha uvute kuelekea kushoto kwako. Hapo nati ya nyuzi za kushoto inalegea. Ukiuvuta kulia unakaza.

Kabla ya kutumia nguvu, hakikisha nyuzi ni za upande gani, kwa sababu si kila kiwanda hufuata utaratibu huu. Kama ncha ya shina imechomoza kupita nati, itazame kwa tochi. Ukiinamisha kichwa hadi shina lionekane kama limesimama wima, nyuzi za kushoto zitaonekana zikipanda kuelekea kushoto, na za kawaida zitapanda kuelekea kulia. Kama nyuzi zimefunikwa na chumvi, chukua mkono mpya ulionunua na uizungushe nati yake mkononi. Kama ni wa aina ileile na ule wa zamani, vidole vyako vitakupa jibu.

Fundi aliyeitwa baada ya yule kijana alianza bila haraka. Aliulaza mfuniko wa tanki sakafuni juu ya taulo, mbali na miguu, akafunga koki ya maji na kuflashi ili tanki libaki tupu. Nati yenyewe iko juu ya usawa wa maji, kwa hiyo ingeweza kufunguliwa tanki likiwa limejaa, lakini yeye alitaka aone vizuri na asitafute kipande kilichodondoka majini. Kisha akachomoa mnyororo kutoka kwenye ncha ya mkono wa ndani.

Nati ilikuwa ya plastiki, imefunikwa na ganda jeupe la chumvi. Aliloweka kitambaa kwenye siki, akakizungushia nati na kukiacha tangu asubuhi hadi adhuhuri. Aliporudi, ganda lilikuwa limelainika, akalisugua kwa mswaki wa zamani. Hakutaka mafuta ya kulegeza kutu, kwa sababu yangedondokea mpira wa vali ulio chini, na mafuta ya namna hiyo huweza kuuharibu.

Kwa mkono wa kushoto alishika kitako cha mkono wa kuflashi kwa nje, ili shina lisizunguke pamoja na nati. Kwa mkono wa kulia alitumia ile spana ya taya zinazotanuka na kubana, ambayo mafundi huiita spana malaya, akaibana sawasawa bila kuacha nafasi, maana pembe za nati ya plastiki zikishaliwa spana haina tena pa kushika. Akavuta kuelekea kushoto, polepole, bila kushtua. Nati ilitoa mlio mdogo, ikasogea robo ya mzunguko. Akaweka spana chini na kumalizia kwa vidole. Kisha akaipitisha nati kwenye fimbo ya mkono wa ndani hadi ikatoka mwishoni, na mkono mzima ukachomoka kwa mbele.

Nilimuuliza angefanya nini kama ingekataa. Akasema angechukua ubavu wa msumeno wa chuma, bila fremu yake, na kuikata nati kwa urefu kufuata shina mpaka ipasuke, akiwa ameweka kitambaa kinene kati ya msumeno na kauri. Nati ya plastiki ni ya bei ndogo, na mkono wa zamani ulikuwa wa kutupwa hata hivyo. Kitu cha kulinda pale ni tanki tu.

Kuufunga mkono mpya hakukuchukua muda. Aliingiza sehemu ya mraba kwenye tundu lake, akarudisha nati kwa vidole kuelekea kulia kwake mpaka ikagusa ukuta, kisha akaongeza robo ya mzunguko kwa spana. Hakuzidisha, kwa kuwa kauri haipindi inapobanwa, huvunjika. Mnyororo aliuacha ulegee kidogo: ukikazwa sana mpira wa vali haukai vizuri na maji huvuja chooni usiku kucha, ukilegea mno mkono hubonyezwa bila maji kutoka.

Mwisho alirudi kwenye ule ufa. Siku ile haukuvuja, kwa sababu uko juu ya maji. Akaukausha, akachukua penseli na kuchora mstari mfupi pale ncha ya chini ya ufa ilipoishia, karibu na tundu la mkono. Akamwambia shangazi, "Mama, kila wiki tazama hapa. Ufa ukivuka huu mstari kwenda chini, niite kabla haujafika kwenye maji."