Mwambie Wakala Kabla Hajatuma Wasifu Wako

Simu ya wakala wa ajira huja na siri ndani yake. Anasema ana nafasi ya mhasibu mwandamizi kwa mteja wake, kampuni ya vinywaji hapa Dar es Salaam, mshahara mzuri, naomba wasifu wako leo hii. Jina la kampuni halitaji. Analificha kwa sababu akilitaja mapema, unaweza kumpita ukaomba mwenyewe, na yeye akakosa malipo.

Wakala huyo halipwi na wewe, analipwa na mwajiri, na mara nyingi malipo yake ni sehemu ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Tuseme nafasi hiyo ina mshahara wa shilingi 2,500,000 kwa mwezi, yaani milioni 30 kwa mwaka. Kama wamekubaliana asilimia 20, ukiajiriwa kupitia kwake kampuni inamlipa milioni 6. Ukiajiriwa kwa maombi uliyotuma mwenyewe, haimlipi hata senti. Kwa hiyo swali la nani alikuleta kwanza ni swali la milioni sita, na idara ya rasilimali watu hulichukulia hivyo.

Sasa tuchukue mtu aliyekwisha kujaza fomu kwenye tovuti ya kampuni hiyo tarehe 3 Machi. Tarehe 17 anapigiwa simu na wakala, anatuma wasifu bila kuuliza jina la mteja, na wakala anaupeleka. Kampuni nyingi kubwa zina mfumo wa kupokea maombi unaotunza barua pepe, namba ya simu na tarehe ya kila mwombaji. Wasifu wa pili ukiingia, mfumo unaonyesha kwamba mtu huyu yumo tangu tarehe 3. Afisa anamjibu wakala kwamba mwombaji ni wao, ada haipo. Wakala amepoteza kazi yake na ameonekana hakumhoji mtu wake. Mwombaji naye anaonekana ama hana mpangilio, ama alinyamaza makusudi. Penye ubishi wa ada, hasa mawakala wawili wakimleta mtu mmoja, mwajiri anaweza kumweka kando na kuendelea na mwombaji ambaye hana mgogoro nyuma yake. Wala mwombaji huenda asiambiwe sababu. Ataona kimya tu.

Dawa yake ni kuuliza mapema: "Kaka, kabla hujanipeleka, naomba jina la kampuni. Nimeshaomba sehemu kadhaa, sitaki tugongane." Wakala mzoefu hatakasirika, kwa maana swali hilo linamlinda hata yeye. Akilitaja, na ni palepale ulipoomba, mwambie papo hapo, kisha mwandikie ujumbe mfupi ili ibaki kumbukumbu: "Nimeshaomba nafasi ya mhasibu mwandamizi katika kampuni hii, moja kwa moja kupitia tovuti yao, tarehe 3 Machi. Sijapata jibu. Tafadhali usitume wasifu wangu kwao mpaka tuongee."

Tarehe na njia uliyotumia ndivyo vitakavyomsaidia kuamua. Kama uliomba nafasi hii hii majuzi, mara nyingi ataachana nayo na kukutafutia mteja mwingine. Kama uliomba nafasi nyingine pale miezi minane iliyopita, huenda bado ana haki ya kukupeleka, kutegemea mkataba wake na mwajiri. Mikataba mingi huweka kipindi, kwa kawaida miezi 6 au 12, ambacho mwombaji huhesabiwa ni wa yule aliyemleta kwanza. Mwache yeye amuulize mteja wake. Usijaribu kufuta ombi lako la kwanza ili kumpisha: rekodi inaweza kubaki, na kufuta kunaweza kusomeka kwamba umeacha kuitaka kazi.

Jambo moja nalisisitiza, kwa sababu watu waaminifu hulikosea. Wajibu wako ni kusema kuhusu kampuni aliyoitaja, basi. Akikuuliza, "Na kwingine umeomba wapi?", si lazima umpe orodha. Wapo mawakala wanaoitumia kutafuta nafasi zilizo wazi, wakawapeleka wenzako kule kule unakosubiri jibu. Jibu la heshima lipo: "Nitajie unakotaka kunipeleka, nami nitakuambia kama nimeshaomba."

Na kama anagoma kabisa kumtaja mteja, mwandikie kwamba humruhusu kupeleka wasifu wako popote bila kukuuliza kwanza, kila mara, kwa jina la kampuni. Ukija kugundua kwamba alishautuma palepale ulipoomba, usingoje wagundue wao. Iandikie idara ya rasilimali watu mistari miwili: uliomba mwenyewe tarehe fulani, na wakala fulani amekupeleka bila idhini yako. Ambatisha ule ujumbe wa kupokelewa uliotumiwa na mfumo wao siku ulipoomba, maana ndio unaothibitisha tarehe.